Mhudumu wa kaunta, awe hajaolewa

Karatasi ilibandikwa kwenye kioo cha duka moja karibu na soko la Majengo, hapa Dodoma: "Anahitajika mhudumu wa kaunta. Msichana, miaka 18 hadi 25, asiwe na mume wala mtoto. Awe Mchaga." Mdogo wangu ni Mgogo, ana miaka 31 na mtoto mmoja, na amekaa kaunta miaka minne bila hesabu kupungua. Aliomba hivyo hivyo, kwa meseji. Akajibiwa, "Dada, soma tangazo vizuri."

Nilikasirika, na hasira haijaisha. Wengi wanaamini duka ni la mwenyewe, basi achague amtakaye. Lakini kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza kumbagua mtu kwa kabila, jinsia, umri, ndoa, ujauzito au majukumu ya familia. Tena kinamhesabu mwombaji kazi kama mfanyakazi, na tangazo lenyewe limo. Kinachoruhusiwa ni sifa ambayo kazi yenyewe haiwezi kufanyika bila hiyo. Sasa kaunta inadai nini? Kuhesabu pesa, kujua bei, kuongea na mteja vizuri. Hapo kabila linaingilia wapi?

Hilo la mume na mtoto nalijua linakotoka. Mwenye duka anakimbia likizo ya uzazi, siku 84 zenye malipo, na anaogopa ruhusa za mtoto akiugua. Kama shida ni kufunga saa tatu usiku, aandike saa tatu usiku. Mama mwenye mtu wa kumwachia mtoto atakuja, asiye naye hatakuja, na mama mwenyewe ndiye atakayejua.

Mdogo wangu alifanya jambo moja la maana: alipiga picha karatasi kabla haijabanduliwa. Picha hiyo, meseji aliyotuma na jibu alilopata vinatosha kuanzia. Angeishia kusoma tu na kuondoka, asingekuwa mwombaji. Malalamiko ya namna hii yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, kwa kujaza Fomu Na. 1, na yanaanza kwa usuluhishi. Akionyesha dalili za kutosha za ubaguzi, ni mwenye duka anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Wajanja hawaandiki. Wanakuita, wanakuuliza "umeolewa?" au "kwenu wapi?", halafu nafasi "imeshajaa" huku tangazo likikaa kiooni wiki nzima. Hapo ushahidi ni mgumu. Andika tarehe na maneno uliyoulizwa siku hiyo hiyo, na lipige picha tangazo kila unapopita.

Leo ni siku ya 41. Mdogo wangu anaogopa wenye maduka wataambiana, naye bado anatafuta kazi mitaa hiyo hiyo. Fomu iko mezani kwangu, ameshaandika jina.