Ngamia Asiyejulikana Katika Jedwali Langu

Mimi ni katibu wa chama cha watu 23, cheo nilichopewa kwa sababu jina langu lilipopendekezwa nilikuwa nimetoka nje kupokea simu. Kazi yangu kubwa ni jedwali moja la Google Sheets lililohifadhiwa kwenye wingu, lenye majina ya wanachama, namba zao za simu na madeni yao, na ningeishi nalo kwa amani kama wanachama wenyewe wasingetaka kuliona.

Nilipotuma kiungo mara ya kwanza, jedwali lilikuwa limefungwa. Sehemu ya ruhusa ya jumla ilisomeka Restricted, hali inayomruhusu kuingia yule tu ambaye anwani yake ya barua pepe nimeiandika mwenyewe, na mimi sikuwa nimeandika hata moja. Kufikia saa nne usiku nilikuwa na maombi 17 ya kufunguliwa, matatu kati ya hayo ya mtu mmoja aliyekuwa akibonyeza kama anayegonga mlango wa choo. Nilichoka. Nilibadilisha mahali pale pakasomeka Anyone with the link, kisha kwenye kisanduku cha kando, kilichokuwa na busara ya kuandika Viewer, nikachagua Editor, ili kila mmoja arekebishe namba yake na mimi nikalale.

Asubuhi nilipofungua, kule juu kulia palipozoea kukaa picha za wenzangu alikuwako ngamia. Pembeni yake alikuwako popo, na popo huyo alikuwa anaandika. Hivyo ndivyo mfumo unavyomwonyesha mtu aliyeingia kwa kiungo cha wazi bila kutambulika: unampa mnyama na kumwita asiyejulikana. Kumbe mwanachama mmoja alikuwa amekipeleka kiungo kwenye kundi la ukoo wake, na kiungo cha namna hiyo hakimuulizi mtu jina, kwa kuwa aliyenacho ameshahesabiwa kuwa ni mwenyeji.

Hata hivyo, hasara kubwa haikuletwa na mnyama mwenye nia mbaya. Ililetwa na mhariri mwenye bidii, ambaye alitaka majina yafuate alfabeti, akachagua safu ya majina peke yake na kuipanga. Majina yalihama, madeni yakabaki palepale. Mhazini wetu, ambaye hajawahi kudaiwa hata senti, aliamka akiwa mdaiwa sugu, naye mdaiwa sugu wa kweli akanipigia simu kunishukuru.

Nilifungua historia ya matoleo, nikatafuta toleo la usiku kabla popo hajaamka, nikalirejesha. Madeni yalirudi kwa wenyewe, na shukrani zikakoma. Kisha nikafunga tena ruhusa ya jumla na kuketi kuandika anwani moja baada ya nyingine, kazi niliyoikimbia tangu mwanzo. Wanachama nimewafanya watazamaji, wasome tu. Mwenyekiti na mkaguzi nimewafanya watoa maoni, kwa sababu hao wana maneno, na mtoa maoni huning'iniza maneno yake kwenye kisanduku bila kugusa tarakimu iliyomo. Mhariri ni mhazini peke yake, na hata yeye nimeingia kwenye mipangilio ya kushiriki nikamwondolea uwezo wa kualika wengine, kwani mhariri asipozuiwa anaweza kumpa hata shemeji yake funguo za nyumba ambayo si yake. (Alinuna. Nilimwambia kwamba ni utaratibu.)

Ili kujiridhisha, nilikibandika kiungo kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ambamo sikuwa nimeingia na akaunti yoyote. Kiliniambia niingie kwanza. Sijawahi kufurahia kufungiwa mlango kiasi kile, ingawa najua kwamba kufunga kwangu hakukuvuta nyuma nakala ambayo ngamia alikwisha kuipakua, na kwamba hata mtazamaji hupakua asipozuiwa kwenye mipangilio hiyohiyo.

Nilidhani nimemaliza. Jana mwenyekiti alinipigia akalalamika kwamba nimemfungia nje ya chama chake mwenyewe. Nilimwomba anisomee anwani inayoonekana kwenye skrini yake, akasoma anwani ya mwanawe, ambaye ndiye mwenye simu aliyokuwa ameishika. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba nimealika anwani yake yeye, si ya kijana, na kwamba atoke kwenye akaunti ile aingie kwa ya kwake. Alinyamaza kidogo, akauliza nywila yake ni ipi. Nikamwambia, "Mzee, hiyo hata mimi siijui." Akahema, kisha akasema, "Basi, katibu, kwani ile ya juzi ya kila mtu ilikuwa na ubaya gani?"