Asante iliyonirudisha na njaa

Usiku ule ule nilimpigia mama simu nikamwambia Wajerumani ni wachoyo. Nilikuwa nimekaa kitandani, Hamburg, natafuna biskuti, na saa moja tu iliyopita nilikuwa mezani kwa mtu aliyenialika chakula cha jioni. Imepita miaka sita sasa na kauli ile bado inanikera, maana tangu hapo nimeisikia kwa Waswahili wengi wanaofika huku, na ukichimba unakuta mara nyingi kisa kimeanzia kwenye neno moja dogo: danke.

Kamusi inasema danke ni asante. Ni kweli. Ila kamusi haijakaa mezani na mtu aliyeshika upawa.

Mwenyeji wangu tulikuwa tukifanya naye kazi kwenye kituo cha kutunzia wazee, nilikokuwa najifunza uuguzi. Mama wa makamo, mpole. Ilikuwa Oktoba, msimu wa maboga, na alikuwa amepika supu ya boga chungu kizima. Pembeni aliweka mkate mweusi mzito uliokatwa vipande vyembamba, siagi, jibini, samaki wa siki na matango ya siki. Wengi wao jioni hula hivyo, mkate na vitu baridi, kwa hiyo ile supu ya moto aliipika kwa ajili yangu. Na kabla hatujaanza alinishikisha pakiti moja moja nisome mwenyewe kwamba hamna nguruwe.

Nikamaliza bakuli la kwanza. Akainua upawa akauliza kama aniongezee. Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu cha maana tumboni, nikatabasamu nikasema, "Danke." Bakuli sikulisogeza. Mimi nimelelewa kwamba mdogo hanyooshi sahani mbele ya mkubwa, anangoja achukuliwe. Akaurudisha upawa, akafunika chungu.

Nikajiambia labda supu inabakizwa ya kesho. Akanisogezea kikapu cha mkate. "Danke," nikasema, na kikapu kikarudi upande wake. Ikaja chai. "Danke." Akajimiminia yeye peke yake.

Hapo uso wake ulikuwa umeshabadilika. Akaniuliza taratibu kama chakula hakikunipendeza. Nikamjibu kwa Kijerumani changu cha miezi mitatu kwamba ni kitamu sana. Akalitazama bakuli langu, jeupe, limefutwa hadi chini, asijue aamini lipi. Tukaagana kwa adabu, yeye akidhani nimekidharau chakula chake, mimi nikidhani amenionjesha tu.

Mwalimu wangu wa lugha ndiye aliyenifungua macho, wiki kadhaa baadaye. Mjerumani akipewa kitu akajibu danke tupu, amekataa. Ni "hapana, asante" ambayo hapana yake imemezwa. Anayetaka husema "ya, gerne", yaani ndiyo, nitafurahi, au husema "bite", ambayo kwingine ni tafadhali na kwingine ni karibu. Na danke ya kukataa ina dalili zake ukishajua kuzitazama: sauti inashuka mwishoni, kichwa kinatikisika kidogo, mara nyingine kiganja kinafunika kikombe. Mimi sikuwa na hata moja ya dalili hizo, ila yeye alilishika neno. Waswahili wa Kongo na Burundi waliokulia na Kifaransa huenda hili haliwapati sana, kwa sababu merci nayo mezani ina tabia hiyo hiyo.

Kwetu asante inapokea. Ukiambiwa karibu ukasema asante, unavuta kiti. Anayekataa lazima aongeze kitu: "asante, nimeshiba", au kama unapita tu umewakuta watu wanakula, unajibu "starehe" unaendelea na njia yako. Na hata hiyo nimeshiba, mwenyeji wa Tanga haikubali mara ya kwanza. "Umeshiba nini, mbona hujala kitu?" Maneno ya Kijerumani tumeyachukua tangu enzi za ukoloni wao, shule ni lao, na hela imetokana na sarafu yao ya heller iliyoanza kutumika huko kwetu mwaka 1904. Lakini hayo ni majina ya vitu, na jina huja na kitu chake. Danke ni jambo analofanya mtu mbele ya mwenzake, na jambo hilo halikuvuka bahari.

Mwaka wa pili nilienda nyumbani na mwenyeji yule yule, maana tulikuwa tumeshakuwa marafiki. Mama akapika wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha. Mimi nikatoka kwenda dukani kufuata maji ya chupa. Mgeni alikuwa amejifunza neno moja la Kiswahili kwenye ndege, na ndilo alilolitumia.

"Ongeza, mwanangu."

"Asante, mama."

Upawa wa wali. Naye amefundishwa tangu utoto kwamba kubakiza chakula kwenye sahani ni utovu wa adabu, basi akala akamaliza. Sahani tupu kwetu inaomba. "Ongeza, mwanangu." "Asante, mama." Niliporudi nilimkuta amekuwa mwekundu, jasho linamtoka, yuko kwenye sahani ya nne.

Nikamweleza mama. Akaweka upawa chini. "Kumbe nilikuwa namtesa mgeni wa watu?" Kisha akanyamaza kidogo, akanigeukia. "Huyu ndiye yule uliyeniambia mchoyo?"

Mgeni akataka kujua mama amesema nini. Nilimtafsiria yote, na simu ya usiku ule nikaisema. Alilia. Akaniambia kwamba siku ile, nilipotoka, aliimwaga ile supu, hakuweza hata kuionja tena.

Msimamo wangu ni huu. Huku ugenini neno la kwanza la mtu linaaminiwa, na nimekuja kulipenda hilo kuliko nilivyotarajia. Mzee pale kituoni akisema hataki keki, hakuna anayemsukumia. Nyumbani nimeona wagonjwa wa sukari wakilishwa vitumbua harusini kwa sababu wameona haya kukataa mara tatu, na tunaita huo ukarimu. Tunakosea. Lakini kwenye kuuliza mara ya pili, haki iko kwetu, na nawaambia wenzangu wa hapa bila kuficha. Mtu mwenye miezi mitatu ya lugha hana uhakika na neno alilotoa. Ukimuuliza tena huku unamwonyesha chungu, umempa nafasi ya kujirekebisha, na kama kweli hataki atakataa tena, hujamlazimisha. Mwenyeji wangu angeniuliza mara moja zaidi, nami ningesogeza bakuli.

Waswahili wanaofika huku nawaomba wasiiache danke ikae peke yake mezani. Itangulizie "ya" au "nain", uso uende na neno. Na ukitoka mahali na njaa, kabla hujapiga simu nyumbani, rudi kwanza umuulize aliyekualika alisikia nini. Mimi sikurudi. Kauli yangu ilizunguka ukoo mzima, na ilichukua miaka miwili na sahani nne za wali kuifuta.

Oktoba bado huwa ananipikia ile supu. Bakuli likiisha anainua upawa, ananitazama usoni: "Danke ya Tanga au ya Hamburg?" Nasema ya Tanga, na bakuli nalisogeza mwenyewe.