Kiti Kabla ya Mizani

Anayetoka katika ugonjwa mrefu huambiwa ale akisikia njaa, ushauri ninaouona kuwa mbaya kwake. Baada ya wiki nyingi za homa na dawa, hamu ya kula huchelewa kurudi kuliko haja ya mwili, na anayeisubiri huendelea kukonda huku akidai kwamba ameshiba. Ni afadhali ale kwa saa: mara tano au sita kwa siku, kidogo kidogo, na asijaze tumbo kwa maji au chai kabla ya mlo.

Tuchukue mtu aliyekuwa na kilo 60 akashuka hadi 50. Mtu kama huyu huhitaji takriban gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 60 hadi 75 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi tu, na bakuli la uji mtupu, hata likiwa kubwa, halitamfikisha huko. Uji huohuo ukipikwa kwa maziwa, ukaongezwa vijiko viwili vya maziwa ya unga na kijiko cha siagi ya karanga, humpa protini na nishati zaidi bila kumlazimisha kumeza chakula kingi. (Mwenye ugonjwa wa figo asitumie hesabu hii bila daktari wake.)

Haraka nayo ina hatari. Aliyekula kidogo sana kwa zaidi ya siku tano, hasa akiwa amekonda mno, akilishwa ghafla sahani zilizojaa, viwango vya madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu katika damu yake vinaweza kushuka, hali inayoweza kuvuruga mapigo ya moyo. Huyo huanzishwa kwa kiasi kisichozidi nusu ya mahitaji yake kwa siku mbili za mwanzo, chini ya uangalizi wa hospitali, na hupewa vitamini B1 kabla ya kulishwa.

Mizani pia hudanganya. Kilo mbili zilizoongezeka ndani ya siku chache, huku kidole kikiacha shimo kwenye kifundo cha mguu, ni maji, na hilo ni jambo la kumwonyesha daktari. Nyongeza ya kweli huenda polepole, takriban robo hadi nusu kilo kwa wiki.

Ndiyo maana mimi hukiamini kiti zaidi. Mtu akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara tano mfululizo. Akizidisha sekunde 15, misuli ya miguu bado ni dhaifu na mazoezi mazito yangoje. Hata hivyo asilale tu, kwa sababu protini bila mwendo wowote haijengi misuli ipasavyo: atembee ndani ya nyumba, asimame kitini mara chache kabla ya kila mlo. Ikiwa kesho yake amechoka kupita kiasi au sahani inarudi na chakula, apunguze mwendo, wala si chakula.