Video "haipatikani nchini kwako", sasa nani kaifunga?

Wengi wakikutana na huo ujumbe wanajua tu ni serikali imezima. Kuna serikali zinafunga kweli, ila mara nyingi ni mambo ya haki za muziki au mpira, na kinachoniudhi ni kwamba ujumbe wenyewe haukwambii aliyeamua ni nani.

Angalia Ujerumani. Kule kuna GEMA, chama kinachowakusanyia watunzi wa muziki mirabaha yao. Mkataba wake na YouTube ukaisha 2009, wakashindwana bei, GEMA wanataka walipwe kila wimbo unapochezwa, YouTube wanataka kugawana hela ya matangazo, na huku wanavutana video za muziki zinapotea tu kwa watazamaji wa kule. Februari 2013 kimondo kikapasuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, video zilizorekodiwa na kamera za magari zikasambaa dunia nzima, lakini Ujerumani baadhi zikafungwa, kisa redio ya gari ilikuwa inapiga muziki!

Na ujumbe ukawa unaitaja GEMA kama ndo kikwazo. GEMA wakaenda mahakamani, na 2014 mahakama ya Munich ikasema maneno yale yanapotosha, kwa sababu aliyefunga ni YouTube mwenyewe. Mimi naona ilisema kweli kabisa. Walikuja kuelewana Novemba 2016.

Kuifunga kwenyewe ni kazi ndogo. Simu yako ikiomba video, seva inaona anwani yako ya IP, inaitafuta kwenye orodha inayoonyesha anwani zipi ni za nchi gani, halafu inalinganisha na masharti ya ile video. YouTube masharti yanakaa hivi:

```
"regionRestriction": {
  "blocked": ["DE"]
}
```

DE ni Ujerumani. Kukiwa na `allowed` badala ya `blocked`, basi ni nchi zilizotajwa tu ndo zinaona, kwingine kote imefungwa. Nchi zimeandikwa, lakini sababu na jina la aliyeomba hazimo, na hapo ndo nasema watazamaji tunanyimwa haki yetu, maana ukijua ni nani unajua pa kuuliza.

Na kinachoangaliwa ni intaneti yako imetokea wapi, siyo pasipoti. Mtu wa Dar akiwa Dubai na laini yake ya nyumbani kwenye rominga, data yake mara nyingi inapitia mtandao wa Tanzania kwanza, kwa hiyo seva inamuona yuko Bongo. Akihamia waifai ya hoteli anakuwa mtu wa Dubai. Kwa hiyo video ikifunguka kwa rominga ikagoma kwa waifai, na ujumbe ni ule ule wa nchi, hilo ni zuio la nchi. Ikigoma kote, huenda imefutwa au mwenyewe kaifanya ya faragha, na hapo hata VPN haisaidii kitu.