Saa ya Kuposti: Jedwali la Mtandaoni au Takwimu za Duka Lako?

Anayefungua ukurasa wa biashara Instagram hapa Mombasa hakawii kupewa ushauri: posti kila siku, hasa katikati ya wiki, asubuhi kabla ya saa sita. Ushauri huo una asili yake. Kampuni zinazouza programu za kuratibu posti, kama Buffer, Hootsuite na Sprout Social, hukusanya takwimu za akaunti za wateja wao, hutafuta wastani, kisha huchapisha jedwali la saa bora. Jedwali si la uongo. Ila ndani yake mna mabenki, timu za mpira na mikahawa ya miji ya mbali, na wastani wa hao wote haumjui mama wa Kisauni anayenunua leso Biashara Street.

Wapo wanaosema basi jedwali litupwe. Mimi siafikiani nao kabisa. Akaunti yenye wafuasi mia mbili na posti tisa haina cha kupimwa. Posti moja ikipendwa na jamaa wa familia tu, hesabu yote inapinda. Huyo na aanze na jedwali, mradi ajue ni mahali pa kuanzia. Tena saa yenyewe haina uzito tunaoipa. Instagram iliacha kupanga posti kwa kufuata muda peke yake mwaka 2016, na video fupi huweza kusambaa siku kadhaa baada ya kuwekwa. YouTube nayo imeeleza wazi kwamba haijulikani kama saa ya kuweka video ina athari ya moja kwa moja kwa matokeo yake ya muda mrefu. Stori ni habari nyingine, kwa kuwa hufutika baada ya saa 24: ukiiweka vibaya, sehemu kubwa ya uhai wake itapita watu wamelala.

Kwa hiyo saa ina maana, lakini maana yenyewe ni ndogo na hubadilika kwa kila akaunti. Ndiyo maana lazima ipimwe, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Wengi hufungua Insights, sehemu ya takwimu ndani ya Instagram, wakatazama grafu ya "Most active times", wakaona mwiba mrefu saa tatu usiku, wakaamua kuposti saa tatu usiku. Grafu hiyo inaonyesha wafuasi wako wako mtandaoni lini. Haisemi posti zako zilifanya nini. Saa tatu usiku ndiyo saa ambayo washonaji, wapishi wa keki na wauza baibui wote wa Mombasa nao wanaposti, na mfuasi wako mmoja anawafuata wote hao. Chukulia grafu kama dokezo la saa zipi za kujaribu.

Jaribio lenyewe si gumu. Tuseme duka la leso lina posti tatu kwa wiki. Linachagua nyakati mbili, saa saba mchana na saa tatu usiku, na kuzibadilisha kwa wiki nne: Jumanne hii mchana, Jumanne ijayo usiku, na siku nyingine hivyo hivyo. Aina ya posti isibadilike. Ukiweka leso mpya usiku na masalio mchana, umepima leso, hukupima saa. Kila posti isomwe ikiwa na umri uleule, mathalani saa 48, maana iliyokaa wiki nzima itakuwa imejikusanyia watu zaidi bila sababu nyingine.

Mwisho wa wiki ya nne kuna posti sita kila upande. Kwa mfano, za mchana zimefikia watu 310, 280, 345, 290, 2,900 na 260. Za usiku 420, 390, 455, 370, 410 na 480. Ukitafuta wastani, mchana unashinda mbali: 731 dhidi ya 421. Lakini zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, uangalie zinazokaa katikati. Mchana utapata 300, usiku 415. Ile 2,900 ndiyo iliyoharibu hesabu. Fungua takwimu za posti hiyo yenyewe uone gawio la wafuasi na wasio wafuasi. Ikiwa karibu wote ni wageni, mfumo wa Instagram uliisambaza kwa sababu ya video yenyewe, na saa isipewe sifa hiyo. Ukiiweka kando, posti dhaifu kuliko zote za usiku bado imeipita ile bora ya mchana. Tofauti ya namna hiyo naiamini. Kama namba za pande mbili zingekuwa zimeingiliana, nusu huku nusu kule, ningesema hakuna jibu na duka liposti saa linayoiona nafuu.

Bado kuna jambo ambalo hakuna grafu italionyesha. Mteja akiona leso saa tatu usiku huandika "Bei gani?" papo hapo. Duka likiwa limefungwa na simu imezimwa, atajibiwa asubuhi, na huenda ashanunua kwingine. Kwa hiyo kando ya idadi ya waliofikiwa, andika daftarini jumbe ngapi ziliingia na ngapi ziliishia kwenye malipo. Ikiwa mchana unafikia watu wachache lakini mauzo ni mengi kwa kuwa yupo wa kujibu, mchana ndiyo saa yako, hata grafu iseme nini.

Na matokeo hayo yana mwisho wake. Ramadhani ikiingia, mji huu hugeuza saa zake: watu wanaamka kula daku, jioni simu zinawekwa chini kwa futari, halafu kuna tarawehe, na madukani watu hukesha kadiri Idd inavyokaribia. Jaribio la Rajabu halifai Ramadhani, na la Ramadhani halifai Shawwal. Wala huwezi kulitia kwenye kalenda ya kawaida ukalisahau, kwa sababu mwezi huo husogea nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka.

Kuhusu idadi ya posti, mabishano ni makali zaidi, na pande zote mbili hutumia namba iliyopotoka. Anayetetea posti chache husema: nilipoongeza, kila posti ilishuka. Ni kweli, na ndivyo ilivyotarajiwa, kwani posti zako zinagombea macho yaleyale. Anayetetea nyingi hujumlisha: posti tatu za watu 400 ni 1,200, saba za watu 220 ni 1,540, basi tumepanda. Lakini mtu mmoja aliyeona posti nne amehesabiwa mara nne. Namba ya kutazama ni "Accounts reached" ya wiki nzima, ambayo humhesabu kila mmoja mara moja tu. Ikiwa wiki ya posti tatu ilifikia akaunti 900 na wiki ya posti saba 960, zile nne za ziada zimeleta watu 60. Waweke watu hao upande mmoja wa mizani, na upande wa pili muda wa kupiga picha, kuandika na kujibu. Kwa duka la watu wawili, mimi ningebaki na tatu. Kwa duka lenye kijana wa kazi hiyo, na ambako ujumbe wa bei umeongezeka pamoja na posti, ningejaribu tano kwanza kwa wiki nne kabla ya kufika saba.