Choo kikiflashiwa chumba cha pili: vali ya kusawazisha presha au ya thamostati?

"Fundi, tunamalizia nyumba ya wageni hapa Raskazone, Tanga, vyumba sita, maji ya moto yanatoka kwenye hita ya jua. Muuzaji ananishauri vali za thamostati, fundi wangu anasema za kusawazisha presha zinatosha. Mgeni akiflashi choo chumba cha pili, ipi itamkinga anayeoga asiungue?"

Kwa flashi peke yake zote mbili zinakinga, na fundi wako hajakosea hata kidogo. Kinachonifanya niegemee upande wa muuzaji ni hiyo hita ya jua, na nitafika huko.

Kuflashi kwenyewe hakumgusi anayeoga. Maji yanayoshuka bakulini yalishakaa tayari kwenye tangi la choo. Shida inaanza boya linaposhuka na kufungua maji ya kulijaza tangi upya, lita 6 mpaka 9, kazi ya dakika moja au zaidi. Muda wote huo choo kinagawana maji ya baridi na bafu kwenye bomba moja, ilhali maji ya moto hayajapungua hata tone. Ndiyo maana mtu huungua akiwa ameshasahau kwamba kuna aliyeflashi.

Tuchukue bafu moja. Maji ya baridi yana nyuzi 28, ya moto nyuzi 60, na mgeni anataka 38. Bomba la mvua likitoa lita 8 kwa dakika, lita 2.5 ni za moto na 5.5 za baridi. Choo kikaanza kujaa na maji ya baridi yakapungua nusu, yakabaki 2.75. Kwa koki mbili za kawaida, mchanganyiko unaruka mpaka nyuzi 43, na baridi ikipungua zaidi ya hapo unapanda zaidi. Mtu mzima ataruka pembeni. Mtoto au bibi mzee hawezi kuruka haraka hivyo, na kwenye vigae vyenye sabuni kuruka kwenyewe ni hatari.

Vali ya kusawazisha presha ina pistoni ndogo iliyokaa kati ya maji mawili, moto upande huu, baridi upande ule. Presha ya baridi ikishuka, presha ya moto inaisukuma pistoni, na kwa kusukumwa huko pistoni inabana njia ya moto. Hakuna kinachopimwa wala kusubiriwa. Pistoni huhama papo hapo presha inapobadilika. Katika mfano wetu moto unashuka kutoka 2.5 mpaka 1.25, uwiano unabaki ule ule, na mgeni anaendelea kuoga kwa nyuzi 38. Atakachokiona ni maji kupungua, lita 4 badala ya 8, mpaka tangi la choo lijae.

Thamostati inafanya kazi kwa nta. Kifuko cha nta kimekaa ndani ya maji yaliyokwisha changanyika. Yakizidi joto nta inavimba na kuubana mlango wa moto, yakipoa inanywea na springi inaurudisha. Kwa hiyo ni lazima maji ya moto kidogo yaifikie nta kwanza. Vali nzuri hujirekebisha ndani ya sekunde moja au mbili, lakini kwenye flashi pistoni huwa imeshamaliza kazi yake.

Kuna jambo husemwa sana madukani nami silikubali, kwamba thamostati hulinda pia wingi wa maji. Haiwezi kuumba maji ya baridi ambayo choo kimeyachukua. Ikitaka nyuzi 38 na baridi ni lita 2.75, nayo italazimika kubana moto mpaka 1.25. Lita ni zile zile 4. Usilipie zaidi kwa ahadi hiyo.

Sasa tuje kwenye jua la Tanga. Pistoni haijui joto hata kidogo. Inajua presha tu. Hita ya jua asubuhi yaweza kutoa maji ya nyuzi 45, na saa tisa mchana 75. Mpini ukiwa pale pale ulipoachwa siku maji ya moto yalipokuwa nyuzi 60, asubuhi mgeni anapata 33, mchana karibu 43, na presha zote ziko sawa kabisa, kwa hiyo vali inaona mambo ni mazuri. Hata maji ya baridi hapa pwani hayatulii. Tangi jeusi lililopigwa jua kutwa, maji yake yakifika nyuzi 36, yanamletea mgeni zaidi ya 43 hata kama ya moto bado ni 60. Kizuizi cha mpini ambacho fundi hukiweka ili usigeuke kupita kiasi nacho hakisaidii, maana kimepimwa kwa joto la siku ile tu. Thamostati inayashughulikia yote hayo yenyewe, mradi maji ya moto yawe yamezidi yale unayotaka kwa nyuzi kumi hivi.

Ningekuwa mahali pako, kwa hita hii ningeweka thamostati. Hita ingekuwa ya umeme yenye tangi na kidhibiti chake cha joto, ningemfuata fundi wako bila kusita na kubakiza fedha. Ukiona vali iliyopimwa kwa kiwango cha Kimarekani cha ASSE 1016, tafuta herufi: P ni ya presha, T ni ya joto, na T/P inafanya yote mawili. Hiyo ya mwisho ndiyo bora kwa nyumba kama yako.

Lakini thamostati ina adui hapa kwetu. Mji umekaa karibu na mawe ya chokaa, mapango ya Amboni ni ushahidi tosha, na ukitumia maji ya kisima chokaa hiyo itaganda kwenye nta na mlango wake. Joto linaanza kuyumba, au mpini unakuwa mgumu. Katriji, yaani kiini cha vali chenye nta, huchomolewa, ikalowekwa kwenye siki, ikasuguliwa taratibu kwa mswaki. Pistoni nayo hunasa, ila kuijua ni rahisi: itoe, itikise sikioni. Ikiwa nzima utasikia ikigonga huku na huku.

Kabla ya kununua chochote, angalia mabomba. Kama moto unashuka kutoka tangi la juu ya paa na baridi inatoka moja kwa moja kwenye bomba la mjini, vali ya presha itaushusha upande wenye nguvu mpaka ulingane na dhaifu, na bafu litachuruzika. Chukua yote mawili kutoka tangi moja. Tangi lililo mita 4 juu ya bomba la mvua linatoa presha ndogo, na vali nyingi zimeundwa kwa presha ya mita 10 au zaidi, kwa hiyo soma karatasi yake. Kisha vyoo vipe bomba lao peke yao kutoka kwenye tangi. Kwa nyumba iliyokwisha jengwa, bana kidogo ile koki ndogo iliyo chini ya tangi la choo: litachelewa kujaa, na bafu litapungukiwa kidogo tu.

Siku ya kukabidhiwa kazi, mwambie fundi afungue bafu kwa nyuzi 38, ndoo ikiwa chini na mtu yeyote asiwe chini ya maji, kisha afunge kabisa koki ya maji ya baridi yanayoingia kwenye vali. Ya presha inatakiwa ikatike mara moja ibaki kudondosha, ya thamostati ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kumwaga maji ya moto, usiipokee.