Bureti Zimefungiwa Kabatini, Bomba la Sindano Lipo Duka la Dawa

Juzi nimepita sekondari moja ya kata, nje kidogo ya Jiji la Mwanza, nikakuta kabati la kemia lina kufuli. Ndani yake mna bureti 6, bado zina vumbi la boksi. Kidato cha nne wanakaribia moku na hakuna hata mmoja aliyewahi kufanya taitresheni, yaani kupima nguvu ya asidi kwa kuidondoshea besi, kwa mkono wake. Nikamuuliza mwalimu wao kulikoni. "Kaka, darasa lina watoto zaidi ya 80. Ikivunjika moja nitalipa mimi."

Simlaumu dada yule. Waliomkabidhi vioo vya kuhesabiwa badala ya vitu vya kutumiwa ndio walionikera. Wote tunakumbuka agizo la Rais Kikwete la maabara tatu kila sekondari ya kata, na michango tuliyotoa mwaka 2014. Kuta zilisimama. Vya kuweka ndani ni habari nyingine, na tangu hapo tumezoea kusema "hatuna vifaa" kana kwamba somo lenyewe limeahirishwa.

Taitresheni haihitaji bureti. Inahitaji kitu kinachopima ujazo na kutoa tone moja moja, na kitu hicho kinauzwa kila duka la dawa kuanzia Igoma hadi Kirumba: bomba la sindano la mililita 10. Nunua mapya, toa sindano zote kabla hayajafika darasani, wape zahanati waziteketeze. Kila wanafunzi wawili wapate mabomba mawili, moja la asidi na moja la besi, yameandikwa kwa kalamu isiyofutika, yasichanganywe kamwe.

Asidi iko duka la vipuri vya magari. Sema wazi unataka asidi ya betri, maana ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa yale ya kuongezea. Asidi hii ni ya salfuriki, na ikiwa mpya huwa kati ya moli 4 na 5 kwa lita. Mwalimu aichanganye mwenyewe, amevaa miwani, na siku zote asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, si maji kwenye asidi. Mililita 12 ndani ya maji ya mvua, jumla ifike lita moja, zinatosha. Chupa ya lita isiaminiwe hivi hivi: ijaze kwa bomba la mililita 20 mara 50, piga mstari pale maji yalipofika, na mstari huo ndio lita yako.

Sasa tatizo: hujui asidi yako ina nguvu kiasi gani hasa. Lazima uipime kwa kitu unachokijua, nacho unaweza kukitengeneza jikoni. Chukua bekingi soda (si bekingi pauda, hiyo ina wanga na asidi ndani yake) gramu 8.4. Mizani huna? Funga rula ya sentimita 30 uzi katikati, ning'iniza vikombe viwili vyepesi kwenye ncha, visawazishe vikiwa vitupu. Kisha kwenye kikombe kimoja weka mililita 8.4 za maji kwa bomba lako. Mililita moja ya maji ni gramu moja, kwa hiyo bomba lilelile ndilo jiwe la mizani. Kwenye kikombe cha pili ongeza bekingi soda mpaka rula ilale sawa.

Ikaange kwenye sufuria kavu ya chuma kisichoshika kutu, juu ya jiko la mkaa, ukikoroga taratibu. Inatoa mvuke na kaboni dayoksaidi, inabaki sodiamu kaboneti:

2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂

Gramu 8.4 zikiiva zote zinabaki 5.3. Ipoze imefunikwa, ipime, ikaange tena, ipime tena. Uzito ukiendelea kupungua, bado haijaiva. Ukitulia kwenye 5.3, iyeyushe yote na ujaze maji hadi mstari wa lita. Una mmumunyo wa moli 0.05 kwa lita, na hukuagiza chochote kutoka Dar.

Sasa unahitaji indiketa, yaani rangi inayobadilika kukuonyesha asidi imetosha, na hapa wengi wanaharibu kazi kwa maji ya rozela. Nimeona ikisifiwa sana, na kweli inafaa ukipima asidi kwa kostiki soda, kwa sababu pale asidi inapokwisha mabadiliko huwa ya ghafla. Kwa kaboneti inapotosha. Katikati ya safari kaboneti inageuka kwanza kuwa bikaboneti, rangi ya rozela inaanza kuhama polepole kabla kazi haijaisha, na kila mtoto anasimama anapoona yeye. Ukiona majibu ya darasa yametawanyika kwa mililita mbili tatu, usiwakaripie watoto, angalia indiketa. Kwa hili nunueni methaili orenji. Gramu moja inatengeneza lita nzima, na kila jaribio linataka matone mawili tu. Huko ndiko pesa ya shule iende.

Mwanafunzi anavuta kaboneti, anageuza bomba juu, anaguswa na mwenzake akumbushwe kutoa mapovu, anasoma pale ukingo wa mpira unapogusa maji. Mililita 10 kwenye glasi, matone mawili ya indiketa, rangi njano. Kisha anasukuma asidi huku mwenzake akizungusha glasi. Karibu na mwisho asisukume kwa kidole gumba, azungushe kisukumio kama anayefungua kifuniko, tone linatoka moja. Njano ikigeuka rangi ya chungwa, basi. Ikiwa nyekundu, amepita, arudie.

Tuseme wamepata 9.6, 9.8 na 9.6. Wastani ni 9.67. Moli moja ya asidi hii inamaliza moli moja ya kaboneti, kwa hiyo asidi ni 0.05 × 10 ÷ 9.67, yaani moli 0.0517 kwa lita. Rudi nyuma: 0.0517 × 1000 ÷ 12 ni 4.31. Mtoto wa Buzuruga amejua nguvu ya asidi iliyomo kwenye betri ya daladala, na mwalimu wa hisabati amepata somo la wastani bila kuombwa.

Nitakubali, japo kwa shingo upande, kwamba bureti ni bora. Bomba lenye alama za mililita 0.2 unalisoma kwa makosa ya kama 0.1 mwanzoni na 0.1 mwishoni, jumla asilimia 2 ya mililita 10. Bureti kwenye mililita 25 inakupa kama asilimia 0.4. Tena bureti inasomwa kutoka juu kwenda chini, na mtihani wa taifa utamtaka mtoto ajue hilo. Wino wa bomba nao unafutika, kwa hiyo zungushia selotepu juu ya alama tangu siku ya kwanza, na kisukumio kikianza kukwama litupwe, maana linaporuka linamwaga asidi nyingi kwa mkupuo.

Lakini hiyo ni sababu ya kufungua kabati wiki mbili kabla ya moku, watoto wakiwa tayari wanaijua rangi ya chungwa kwa macho yao, na kuwapa bureti zile 6 kwa zamu. Na wakuu wa shule waandike kwenye daftari la stoo kwamba kioo kilichovunjika mwanafunzi akijifunza kimetumika, si kwamba mwalimu anadaiwa.